Jinsi ya Kujaza Mapengo Kwenye Jedwali kwa Kutumia Jumla na Asilimia: Mwongozo Kamili

Majibu ninayoletewa ya maswali haya karibu yote yana sura moja. Jedwali limejaa, jumla zote zinakubaliana, na bado namba nne ndani yake si sahihi. Aliyejaza anabisha, na ana haki ya kubisha, maana amejumlisha kwenda chini na kwenda pembeni na kila kitu kimekaa sawa. Kosa halikuwa kwenye kujumlisha wala kutoa. Alichukua asilimia ya kundi moja akaipigia hesabu kwenye kundi jingine, na jedwali likamkubalia.

Tutalifuata jedwali moja tangu likiwa na mapengo mpaka limejaa. Namba zake nimezitunga kwa ajili ya zoezi: ni shule ya sekondari ya kutwa, vidato vinne, na njia tatu ambazo wanafunzi hufika nazo shuleni. Kila mwanafunzi amehesabiwa mara moja tu, kwenye njia moja. Sharti hilo lisipokuwepo, hesabu zote zinazofuata hazina kazi, kwa sababu jumla hazitakuwa jumla za kweli.

## Vinavyohitajika

- Karatasi yenye nafasi ya kutosha pembeni mwa jedwali, kwa ajili ya kuandika hesabu za asilimia.
- Kalamu ya wino kwa namba ulizopewa, na penseli kwa namba unazotafuta. Ukikosea baadaye, utajua papo hapo kipi kinafutika na kipi hakiguswi.
- Kikokotoo cha kawaida. Cha simu kinatosha.

Maneno manne nitayatumia mara kwa mara. *Safu mlalo* inakwenda pembeni, *safu wima* inashuka chini. *Ukingo* ni safu ya jumla upande wa kulia pamoja na ile ya chini kabisa. *Jumla kuu* ni namba ya kwenye kona, chini kulia, ambako jumla za pande zote mbili hukutana.

## Jedwali letu

| | Miguu | Baiskeli | Daladala | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kidato cha Kwanza | | | 48 | 150 |
| Kidato cha Pili | 63 | | | 140 |
| Kidato cha Tatu | | | | |
| Kidato cha Nne | | | | |
| Jumla | 220 | | | |

Chini ya jedwali kuna taarifa saba:

1. Kidato cha Kwanza ni asilimia 30 ya wanafunzi wote wa shule.
2. Kidato cha Nne ni asilimia 18 ya wanafunzi wote.
3. Wanaotumia baiskeli ni asilimia 25 ya wanafunzi wote.
4. Asilimia 48 ya Kidato cha Kwanza hutembea kwa miguu.
5. Asilimia 30 ya Kidato cha Pili hupanda daladala.
6. Kati ya wanaotumia baiskeli, asilimia 32 ni wa Kidato cha Tatu.
7. Katika Kidato cha Tatu, wanaotembea wanawazidi wanaotumia baiskeli kwa asilimia 20.

Ukipenda, lijaribu mwenyewe kwanza kabla hujaendelea kusoma.

## Hatua ya 1: Hesabu kama taarifa zinatosha

Zidisha idadi ya safu mlalo kwa idadi ya safu wima, bila kuhesabu ukingo. Hapa ni 4 × 3, yaani 12. Hiyo ndiyo idadi ya taarifa unazohitaji ili jedwali lote lijazike.

Sababu yake ni nyepesi. Visanduku vya ndani ni 12, na ukivijua vyote, ukingo unajipata wenyewe kwa kujumlisha. Kwa hiyo jedwali zima linabeba mambo 12 tu ya kujitegemea. Mengine yote ni matokeo yake. Taarifa inaweza kuwa namba ya ndani, jumla ya pembeni au asilimia, na kila moja inahesabika kuwa moja.

Tuhesabu. Ndani ya jedwali zimeandikwa namba tano: 48, 150, 63, 140 na 220. Chini yake kuna taarifa saba. Jumla ni 12, kwa hiyo tunaanza.

Onyo moja: taarifa inayorudia kitu ambacho tayari kinajulikana haihesabiki. Kama ungepewa jumla za vidato vyote vinne halafu ukaambiwa na jumla kuu, hiyo ya mwisho haikuongezei kitu, kwa kuwa ungeipata kwa kujumlisha. Ukikuta hazifiki 12, usianze kubahatisha. Rudi usome swali upya, maana mara nyingi iliyokosekana imejificha kwenye kichwa cha jedwali au kwenye maelezo madogo ya chini, kwa mfano “shule yenye wanafunzi 500”.

## Hatua ya 2: Andika kila asilimia ni ya nini

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo jedwali zima huharibikia. Asilimia peke yake haina maana mpaka ujue ni ya kundi gani. Kisanduku kimoja, tuseme cha baiskeli kwa Kidato cha Tatu, kinaweza kuelezwa kwa asilimia tatu tofauti: ya Kidato cha Tatu, ya watumiaji wote wa baiskeli, au ya shule nzima. Idadi ya wanafunzi ni ileile, asilimia ni tatu.

Linganisha sentensi hizi mbili:

- Kati ya wanaotumia baiskeli, asilimia 32 ni wa Kidato cha Tatu.
- Asilimia 32 ya Kidato cha Tatu hutumia baiskeli.

Ukisoma haraka zinafanana. Lakini ya kwanza inazungumzia kundi la waendesha baiskeli, nawe utazidisha kwa jumla ya *safu wima*. Ya pili inazungumzia kundi la Kidato cha Tatu, nawe utazidisha kwa jumla ya *safu mlalo*. Kundi unalolitafuta ni lile linalokuja baada ya “kati ya”, au mara tu baada ya “asilimia fulani ya”. Pigia mstari kundi hilo katika kila taarifa, kisha andika pembeni hivi:

- Taarifa ya 1: ya jumla kuu
- Taarifa ya 2: ya jumla kuu
- Taarifa ya 3: ya jumla kuu
- Taarifa ya 4: ya safu mlalo ya Kidato cha Kwanza
- Taarifa ya 5: ya safu mlalo ya Kidato cha Pili
- Taarifa ya 6: ya safu wima ya Baiskeli
- Taarifa ya 7: ya kisanduku kingine (Baiskeli, Kidato cha Tatu)

Orodha hii inakupa pia mpangilio wa kazi. Taarifa ya 4 na ya 5 zinaweza kutumika sasa hivi, kwa kuwa jumla za vidato hivyo zipo. Ya 6 inasubiri jumla ya baiskeli. Ya 7 inasubiri ya 6. Anayeanza na ya 6 au ya 7 atagonga ukuta mapema bila kujua kwa nini.

## Hatua ya 3: Pata jumla kuu

Tunaanza na kona kwa sababu taarifa tatu zinaitegemea.

Taarifa ya 1 inasema Kidato cha Kwanza ni asilimia 30 ya shule. Kidato hicho tunakijua: wanafunzi 150. Hapa sehemu inajulikana na kizima hakijulikani, kwa hiyo tunagawanya:

150 ÷ 0.30 = 500

Shule ina wanafunzi 500. Iandike kwenye kona.

Aliyezoea kuzidisha kila anapoona alama ya asilimia atapata 150 × 0.30 = 45. Kosa hili linajionyesha lenyewe, maana shule nzima haiwezi kuwa na wanafunzi wachache kuliko kidato kimoja. Kipimo cha haraka ni hiki: ukitafuta kizima kutoka kwenye sehemu, jibu lazima liwe kubwa kuliko ulichoanza nacho, ukitafuta sehemu kutoka kwenye kizima, lazima liwe dogo.

## Hatua ya 4: Maliza ukingo kabla ya kuingia ndani

Kidato cha Nne: 500 × 0.18 = 90.

Kidato cha Tatu hakina asilimia yake, lakini sasa ndicho pengo pekee katika ukingo wa kulia: 500 − 150 − 140 − 90 = 120.

Baiskeli: 500 × 0.25 = 125.

Daladala ndilo pengo pekee katika ukingo wa chini: 500 − 220 − 125 = 155.

Kwa nini ukingo kwanza? Kwa sababu visanduku vingi vya ndani vitapatikana kwa kutoa kutoka kwenye jumla fulani. Jumla isipokuwepo, utakuwa na namba mbili zisizojulikana kwenye mstari mmoja, na kutoa hakutakusaidia.

Ukifika hapa, ukingo wa kulia usomeke 150, 140, 120, 90, na wa chini usomeke 220, 125, 155. Pande zote mbili zinakutana kwenye 500. Zisipokutana, simama hapohapo.

## Hatua ya 5: Tafuta safu yenye pengo moja

Sasa ingia ndani. Kwanza tumia asilimia zilizo tayari.

Kidato cha Kwanza, miguu: 150 × 0.48 = 72. Safu hiyo ina daladala 48 tangu mwanzo, kwa hiyo limebaki pengo moja: 150 − 72 − 48 = 30. Wanafunzi 30 wa Kidato cha Kwanza hutumia baiskeli.

Kidato cha Pili, daladala: 140 × 0.30 = 42. Miguu ni 63, basi baiskeli ni 140 − 63 − 42 = 35.

Kidato cha Tatu, baiskeli. Angalia ulichoandika pembeni: ni asilimia 32 ya safu wima ya Baiskeli, ambayo jumla yake ni 125.

125 × 0.32 = 40

Aliyezidisha kwa jumla ya Kidato cha Tatu alipata 120 × 0.32 = 38.4. Hiyo nukta nne inasema kitu. Tunahesabu wanafunzi, na asilimia za zoezi hili ni kamili, hazijakadiriwa. Ukiona desimali kwenye idadi ya watu katika hali hiyo, usiikadirie kuwa 38 na kuendelea. Ni ishara kwamba umezidisha kwa kundi lisilo lake. Ila usiitegemee peke yake, kwani kuna makosa yanayotoa namba nzima safi kabisa, na tutaliona moja muda si mrefu.

Safu wima ya Baiskeli sasa ina pengo moja: 125 − 30 − 35 − 40 = 20. Hao ni wa Kidato cha Nne.

Hesabu za kutoa zifanye mara tu pengo linapobaki moja, usizilimbikize. Kila kisanduku kinachojazwa kinaweza kufungua kingine, na usipoangalia pande zote mbili, mlalo na wima, utajikuta unatafuta asilimia ya kitu ambacho tayari kingepatikana kwa kutoa tu.

## Hatua ya 6: Mstatili wa mapengo manne

Jedwali limefika hapa:

| | Miguu | Baiskeli | Daladala | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kidato cha Kwanza | 72 | 30 | 48 | 150 |
| Kidato cha Pili | 63 | 35 | 42 | 140 |
| Kidato cha Tatu | ? | 40 | ? | 120 |
| Kidato cha Nne | ? | 20 | ? | 90 |
| Jumla | 220 | 125 | 155 | 500 |

Mapengo yamebaki manne, na yamekaa kwenye pembe za mstatili. Kila safu mlalo inayohusika ina mapengo mawili, na kila safu wima vilevile. Hakuna pa kutoa.

Wengi hapa huanza kupanga milinganyo. Kidato cha Tatu kimebakiza 80, Kidato cha Nne 70, Miguu 85, Daladala 65. Wanaandika milinganyo minne yenye vitu vinne visivyojulikana, wanahangaika nusu saa, na mwishoni wanapata 0 = 0.

Haiwezekani, na si kwa sababu hujui aljebra. Jaribu kuweka 50 kwenye miguu ya Kidato cha Tatu. Daladala yake inakuwa 30, miguu ya Kidato cha Nne 35, daladala yake 35. Jumla zote zinakubali. Sasa ongeza mmoja kwenye pembe ya kwanza, uwe 51: daladala ya Kidato cha Tatu inashuka kuwa 29, miguu ya Kidato cha Nne inashuka kuwa 34, na daladala ya Kidato cha Nne inapanda kuwa 36. Bado zinakubali. Unaweza kuendelea hivyo, ongeza hapa punguza pale, na jumla hazitashtuka. Ndiyo maana mapengo yanayounda mstatili hayajazwi kwa jumla hata siku moja. Lazima kitu kitoke nje ya jumla kikupe angalau pembe moja.

Kitu hicho ni taarifa ya 7, ambayo ilikuwa inasubiri: katika Kidato cha Tatu, wanaotembea wanawazidi wa baiskeli kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Ya wale wanaozidiwa, yaani wa baiskeli, ambao ni 40. Asilimia 20 ya 40 ni 8.

40 + 8 = 48, au kwa mkato 40 × 1.20 = 48

Pembe moja imepatikana na tatu zinafuata zenyewe:

- Kidato cha Tatu, daladala: 120 − 48 − 40 = 32
- Kidato cha Nne, miguu: 220 − 72 − 63 − 48 = 37
- Kidato cha Nne, daladala: 155 − 48 − 42 − 32 = 33

Hiyo ya mwisho nimeitafuta kwa safu wima. Safu mlalo yake sijaigusa, nimeiweka akiba kwa ajili ya ukaguzi: 37 + 20 + 33 = 90. Imekubali.

Tahadhari kuhusu “kuzidi” na “kupungua”: havigeuziki. Wanaotembea (48) wanawazidi wa baiskeli (40) kwa asilimia 20, lakini wa baiskeli hawakupungukiwa na wanaotembea kwa asilimia 20. Tofauti ni 8 pande zote mbili, ila safari hii 8 inagawanywa kwa 48, na jibu ni karibu asilimia 16.7. Ukipewa 48 na kuambiwa ni zaidi kwa asilimia 20, unagawanya: 48 ÷ 1.20 = 40. Aliyetoa asilimia 20 ya 48 atapata 38.4, na ile nukta inarudi kumwonya.

## Hatua ya 7: Kagua mara mbili, kwa njia mbili

Jedwali kamili ni hili:

| | Miguu | Baiskeli | Daladala | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kidato cha Kwanza | 72 | 30 | 48 | 150 |
| Kidato cha Pili | 63 | 35 | 42 | 140 |
| Kidato cha Tatu | 48 | 40 | 32 | 120 |
| Kidato cha Nne | 37 | 20 | 33 | 90 |
| Jumla | 220 | 125 | 155 | 500 |

Ukaguzi wa kwanza ni wa jumla: pembeni, chini, na kona. Huu unakamata makosa ya kutoa na kujumlisha, basi.

Sasa tuone asichokikamata. Tuseme mtu amesoma taarifa ya 7 akaongeza 20 badala ya asilimia 20. Anapata 40 + 20 = 60 kwenye miguu ya Kidato cha Tatu. Anaendelea kwa utaratibu mzuri kabisa: daladala 120 − 60 − 40 = 20, miguu ya Kidato cha Nne 220 − 72 − 63 − 60 = 25, daladala yake 155 − 48 − 42 − 20 = 45. Anakagua safu ya mwisho: 25 + 20 + 45 = 90. Sawasawa! Hakuna desimali, hakuna namba hasi, hakuna jumla iliyokataa. Namba nne kati ya 12 ni za uongo na jedwali limetulia.

Limetulia kwa sababu ya ule mstatili. Ukikosea pembe moja, hesabu za kutoa zinalisambaza kosa kwenye pembe nyingine tatu kwa namna inayolificha. Jumla hulindwa na kule kutoa kwenyewe, haziwezi tena kuwa shahidi.

Kwa hiyo ukaguzi wa pili ni wa taarifa. Soma kila sentensi upya kana kwamba hujawahi kuiona, kisha uipime kwa namba zilizo ndani ya jedwali lililojaa, ukigawanya na si kuzidisha:

- 150 ÷ 500 = 0.30
- 90 ÷ 500 = 0.18
- 125 ÷ 500 = 0.25
- 72 ÷ 150 = 0.48
- 42 ÷ 140 = 0.30
- 40 ÷ 125 = 0.32
- 48 ÷ 40 = 1.20

Yule mwenye 60 angefika mwisho wa orodha akapata 60 ÷ 40 = 1.50, yaani zaidi kwa asilimia 50. Hapo angejua, mradi asome sentensi yenyewe kwenye swali badala ya kusoma alivyoiandika pembeni. Kama aliinukuu vibaya, ataikagua vibaya vilevile.

## Asilimia zilizokadiriwa

Zoezi letu lilikuwa na asilimia kamili. Ripoti za kweli hazina adabu hiyo. Zimekadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu, na hilo linabadilisha mambo.

Chukua safu wima ya Miguu. Kila kidato kina asilimia ngapi ya 220? Ukikadiria, unapata 33, 29, 22 na 17. Zijumlishe: 101. Hakuna aliyekosea. Kila moja ilikuwa na nukta saba, nane au karibu hapo, zote zikapandishwa juu. Kwa hiyo katika ripoti yenye asilimia zilizokadiriwa usitafute asilimia ya mwisho kwa kutoa kutoka 100. Ungetoa 33, 29 na 22 ukapata 16, wakati ya kweli ni 16.8.

Kundi likiwa dogo, bado unaweza kupata idadi kamili. Ukiambiwa asilimia 41 ya Kidato cha Nne hutembea, 90 × 0.41 = 36.9. Asilimia 41 iliyokadiriwa inaweza kuwa chochote kati ya 40.5 na 41.5, ambayo kwa watu 90 ni kati ya 36.45 na 37.35. Namba nzima iliyomo humo ni moja tu, 37. Hapa kukadiria 36.9 kuwa 37 ni halali, kwa sababu umeshathibitisha kuwa hakuna nyingine.

Kundi likiwa kubwa, njia hii inafungwa. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na wanawake walikuwa asilimia 51 kwa namba iliyokadiriwa. Ukizidisha unapata 31,487,971. Idadi iliyotangazwa ya wanawake ni 31,687,990. Umekosa watu laki mbili na ushei, ingawa hesabu yako haina kosa, kwa sababu asilimia halisi ni karibu 51.32. Asilimia moja ya idadi hiyo ni zaidi ya watu laki sita.

Hapo kuna mambo mawili ya kufanya. Kama ripoti ina idadi ya wanaume (30,053,130), achana na asilimia, toa: 61,741,120 − 30,053,130 = 31,687,990. Namba ya kutoa hushinda namba ya asilimia kila zinapokuwepo zote mbili. Kama haina, andika jibu kama makadirio, “takriban milioni 31.5”, wala usiandike tarakimu nane ambazo huna ushahidi nazo.

## Ukitumia Excel

Weka majina ya vidato kwenye A, njia tatu kwenye B, C na D, jumla kwenye E. Vichwa viwe mstari wa 1, vidato mstari wa 2 hadi wa 5, jumla mstari wa 6.

Ukaguzi wa jumla, kwenye visanduku vya nje ya jedwali:

```
=SUM(B2:D2)-E2
=SUM(B2:B5)-B6
=SUM(B2:D5)-E6
```

Ya kwanza inakiliwe kwenda chini hadi mstari wa Kidato cha Nne, ya pili kwenda pembeni hadi Daladala. Zote zinatakiwa kutoa 0. Lakini namba za ukingo ziandike kwa mkono kama ulivyozipata. Ukiweka `SUM` ndani ya E2 yenyewe, ukaguzi utatoa 0 siku zote hata kama ndani kuna takataka.

Kwa ukaguzi wa asilimia, alama ya dola ndiyo inayoamua ni asilimia ya nini:

```
=B2/$E2
=B2/B$6
=B2/$E$6
```

Ya kwanza ni ya safu mlalo, ya pili ya safu wima, ya tatu ya jumla kuu. Tengeneza majedwali matatu madogo, moja kwa kila fomula, kisha kaa na taarifa za swali mkononi. Taarifa ya 6 inasema asilimia 32, yaani 0.32, kwa hiyo uitafute kwenye jedwali la pili, mstari wa Kidato cha Tatu, chini ya Baiskeli. Ukiikuta kwenye kisanduku hichohicho cha jedwali la kwanza badala ya la pili, ulizidisha kwa jumla ya Kidato cha Tatu, na kurekebisha ni kubadili kisanduku hicho kimoja kisha kurudia hesabu zote zilizokitumia, pamoja na ile ya taarifa ya 7.